Shajara ya mradi: tarakimu ya nne kwenye kadi za wavuvi, Lamu

11 Januari 2025: tatizo lenyewe

Kikundi chetu cha wavuvi kina wanachama 312, na kila mmoja ana namba ya tarakimu tatu, kuanzia 001 hadi 312. Samaki wakishuka gatini, mpimaji huwapima, akaandika namba ya mvuvi na kilo kwenye risiti. Jioni karani huzichapa risiti zote kwenye lahajedwali, na Ijumaa watu hulipwa kwa hesabu hiyo.

Wiki hii kilo 14 za changu za mwanachama 217 ziliingia kwa 271. Karani aligeuza tarakimu mbili tu. Wiki mbili nyuma, risiti ya 148 ilisomwa 143. Nimeiangalia risiti ile mwenyewe: mpimaji huandika nane yake kwa haraka, vitanzi havifungi upande wa kushoto, na karatasi ikishalowa maji ya chumvi, nane na tatu hazina tofauti. Mwenye 148 alipoteza siku mbili za bahari akija kudai haki yake, na mwenye 143 alikuwa ameshazitumia pesa kwa nia njema.

Nikakaa na daftari la wanachama, nikaona ubovu uko wapi. Namba zetu zimejaa pomoni. Ukikosea tarakimu ya pili au ya tatu, karibu kila mara unaangukia kwa mtu mwingine aliye hai na mwenye hesabu yake. Kuanzia 001 hadi 312 hakuna namba inayoweza kusema "mimi si namba ya mtu". Kwa hiyo nataka kuongeza tarakimu moja mwishoni, inayotokana na zile tatu za mwanzo, ili namba iliyokosewa ijikane yenyewe. Tuiite tarakimu ya ukaguzi. Zile tatu za mwanzo nazibakisha kama zilivyo, maana wazee wanazijua kwa moyo.

14 Januari: jumla tupu, imeshindwa

Jaribio la kwanza lilikuwa rahisi: jumlisha tarakimu tatu, gawanya kwa 10, baki ndiyo tarakimu ya nne. Mwenye 217 anapata 2+1+7 = 10, baki 0, kadi yake inakuwa 2170.

Lakini 271 nayo ni 2+7+1 = 10. Karani akichapa 2710 badala ya 2170, hesabu inakubali, na ni kosa lilelile lililotuleta hapa. Jumla haijali nani ametangulia. Jaribio hili lilikufa kwenye karatasi, halikunigharimu kitu.

19 Januari: uzito, na kadi 60

Ili jumla ijue mpangilio, kila nafasi lazima iwe na uzito wake. Nilikumbuka vitabu vya zamani vilivyochapishwa Kenya, vile ambavyo namba yake ya kimataifa ina tarakimu kumi na huanza na 9966. Tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 10, ya pili kwa 9, na kuteremka hivyo mpaka ya mwisho kwa 1. Nikachukua mtindo huo: ya kwanza mara 4, ya pili mara 3, ya tatu mara 2. Vitabu vile hugawanya kwa 11, lakini mimi nilitaka baki isizidi 9 ili itoshee nafasi moja, basi nikagawanya kwa 10.

217 inatoa 8+3+14 = 25, baki 5. 271 inatoa 8+21+2 = 31, baki 1. Zimetofautiana. Nilifurahi, nikapeleka kundi la kwanza la kadi 60 zikachapwa na kupigwa laminesheni, shilingi 40 kila moja. Shilingi 2,400.

25 Januari: kadi 60 zimetupwa

Kosa ni langu na nalieleza kwa urefu, kwa sababu yeyote atakayeiga kazi hii atavutwa kulifanya.

Karani aliomba tujaribu na ile risiti ya 148. Tukafanya: 4+12+16 = 32, baki 2, kadi ni 1482. Sasa akisoma nane kuwa tatu atachapa 1432. Hesabu: 4+12+6 = 22, baki 2. Imekubali. Kosa la pili kati ya yale mawili yaliyotuanzisha lilipita mlango wazi.

Sababu ni hii. Ukikosea tarakimu moja, jumla inabadilika kwa kiasi cha uzito wa nafasi ile mara tofauti ya tarakimu mbili. Hapa uzito ni 2 na tofauti ya 8 na 3 ni 5, na 2 mara 5 ni 10 kamili. Ukigawanya kwa 10, mabadiliko ya 10 hayaonekani. Uzito wa 4 ni vilevile: 4 mara 5 ni 20. Uzito wowote wa shufwa ukigawanya kwa 10 hauoni tarakimu zilizopishana kwa 5, yaani 0 na 5, 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8, 4 na 9. Na 3 na 8, na 4 na 9, ndizo hasa ambazo mwandiko mbaya huzichanganya.

Nilihesabu zote kwa kompyuta. Namba 1,000 za tarakimu tatu zina makosa 27,000 ya tarakimu moja, na 2,000 kati yake zingepita. Afadhali tungekuwa hatuna ukaguzi wowote kuliko kuwa na huu, maana karani angeuamini.

2 Februari: uzito wa 3 na 1, kama kwenye pakiti ya unga

Nilichukua pakiti ya unga jikoni. Msimbo wa mistari wa kampuni zilizosajiliwa Kenya huanza na 616, una tarakimu 13, na nafasi zake hupokezana uzito wa 1 na 3, mgawanyo kwa 10. Namba za vitabu nazo zimefuata mtindo huo tangu 2007. Moja na tatu hazina kigawo kimoja na 10, kwa hiyo kosa la tarakimu moja halipiti hata mara moja. Nililijaribu kwenye makosa yote 27,000, na yote yalinaswa.

Nikajaribu kugeuza. Kwa uzito wa 3, 1, 3, namba 216 inatoa 6+1+18 = 25, na 261 inatoa 6+6+3 = 15. Baki ni 5 kwa zote mbili. Tarakimu zilizogeuzwa ni 1 na 6, zinapishana kwa 5, na uzito wa nafasi zao unapishana kwa 2. Ile kumi imerudi kwa mlango wa nyuma. Tarakimu mbili tofauti zinaweza kuunda jozi 45, na jozi 5 kati yake zingepita zikigeuzwa. Tena 132 na 231 zinalingana kabisa, kwa sababu nafasi ya kwanza na ya tatu zina uzito uleule.

Usiku ule nilitafuta uzito mwingine wa kugawanya kwa 10 mpaka nikaelewa kwamba haupo. Ili kosa la tarakimu moja lisipite, uzito lazima uwe 1, 3, 7 au 9, zote witiri. Ukitoa witiri kwenye witiri unapata shufwa. Shufwa mara 5 inagawanyika kwa 10. Kwa hiyo jumla yenye uzito inayogawanywa kwa 10 inaweza kunasa makosa yote ya tarakimu moja, au migeuzo yote ya jirani, lakini si yote mawili pamoja. Dukani hilo si tatizo kubwa, msimbo unasomwa na mashine, na mashine haigeuzi tarakimu. Kwetu anayesoma ni mtu aliyechoka, jioni, kwa taa ya simu.

9 Februari: kugawanya kwa 11

Nikarudi kwenye vitabu vya zamani na safari hii nikachukua mtindo wao mzima. Uzito ni 4, 3, 2, na tarakimu ya ukaguzi yenyewe ina uzito wa 1. Sharti ni kwamba jumla ya zote nne igawanyike kwa 11 bila baki.

217: 8+3+14 = 25. Ili kufika 33 inahitaji 8. Kadi ni 2178.
148: 4+12+16 = 32. Ili kufika 33 inahitaji 1. Kadi ni 1481.

Geuza ya kwanza iwe 2718: 8+21+2+8 = 39, baki 6, imekataliwa. Soma nane kuwa tatu, 1431: 4+12+6+1 = 23, baki 1, imekataliwa. Makosa yote mawili yaliyotuanzisha yamenaswa.

Kinachofanya kazi hapa ni kwamba 11 ni namba tasa na inazidi kila tarakimu. Kosa la tarakimu moja hubadilisha jumla kwa uzito mara tofauti. Mgeuzo huibadilisha kwa tofauti ya uzito mara tofauti ya tarakimu. Kwetu uzito na tofauti zote hizo ni ndogo kuliko 11 na si sifuri, na namba tasa haigawi zao la namba mbili zilizo ndogo kuliko yenyewe. Hata ukigeuza nafasi zisizo jirani, haipiti.

```python
def ukaguzi(n):              # n: "217"
    s = sum(k*int(d) for k, d in zip((4, 3, 2), n))
    return (-s) % 11         # 217 -> 8
```

16 Februari: ekisi

Ukigawanya kwa 11, mara nyingine tarakimu inayohitajika ni 10, nayo haitoshei nafasi moja. Namba 006 inatoa 12, na ili kufika 22 inahitaji 10. Vitabu huandika X mahali hapo, nami nikaandika X. Kadi 312 zimechapwa zote, shilingi 12,480. Kati yake 28 zina X.

Zilidumu siku tatu. Mzee mmoja wa Langoni alinijia baada ya sala ya alasiri na kadi mkononi.

"Mwalimu, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, ami. Kwa nini?"

"Mbona mmenipiga ekisi? Shuleni ekisi ni kosa. Na mwenzangu hana."

Nilimweleza, akanisikiliza kwa heshima, lakini niliona hakuridhika, na ana haki. Mtu hawezi kupewa alama ya kosa na kuambiwa ni namba. Karani naye alikuwa na shida ya vitendo: kwenye simu yake kibodi ya namba haina herufi, ilimbidi abadilishe kibodi kila akifika kwenye X, na mara mbili aliandika 0 badala yake.

27 Februari: kuziruka namba 28

Dawa ni kuacha kuzitumia namba zinazodai 10. Ni moja katika kila 11 hivi, na sisi tuna nafasi ya kutosha hadi 999. Wanachama 28 wamepewa namba mpya kuanzia 313, nazo pia zikichujwa: 314, 328 na 331 zimerukwa, na wa mwisho amepata 343. Kadi 28 mpya, shilingi 1,120. Jumla ya kadi zote tangu tuanze ni shilingi 16,000, na kati yake 3,520 zimelipia makosa yangu. Anayeanza leo achuje kwanza, ndipo achape.

Kubadilishiwa mtu namba aliyoizoea si jambo dogo, kwa hiyo nilikwenda kwa kila mmoja wa hao 28, wengine Shela, mmoja Kipungani. Yule ami wa Langoni alikuwa wa kwanza. Sasa ni 3131, na anasema ni rahisi kukumbuka kuliko ile ya zamani.

Siku hiyohiyo lahajedwali lilitupiga chenga. Mwanachama 042 ana kadi 0426. Ukichapa 0426, lahajedwali linadhani ni idadi na kuondoa sifuri ya mbele, linabaki na 426. Kanuni inatafuta tarakimu ya nne, haioni, inatoa `#VALUE!`. Karani aliyaona makosa hayo kwa wote walio chini ya 100 akadhani kadi zao zimeharibika. Nimeweka safu ya kati inayorudisha sifuri:

```
B2: =TEXT(A2,"0000")
C2: =MOD(4*MID(B2,1,1)+3*MID(B2,2,1)+2*MID(B2,3,1)+MID(B2,4,1),11)
```

C ikitoka 0, namba ni sahihi. Ikitoka kitu kingine, mstari mzima unageuka mwekundu.

12 Aprili: nyekundu iliyogeuzwa kijani

Hili ndilo lililoniumiza zaidi, maana hesabu ilikuwa safi.

Baada ya Idi mwenye 1481 alikuja: kilo 9 za pweza hazimo. Nikafungua lahajedwali, nikazikuta kwa 1430. Nilidhani kanuni imevunjika, nikaikagua saa nzima. Haikuvunjika. Karani alisoma nane kuwa tatu, akachapa 1431, mstari ukawa mwekundu kama ulivyopaswa. Kisha akabadilisha tarakimu ya mwisho, moja baada ya nyingine, mpaka ukawa kijani. Ukawa kijani kwenye 0, na 1430 ni kadi halali ya mtu mwingine.

Hakufanya kwa ubaya. Alielewa kwamba zile tatu ndizo namba ya mtu, na ya nne ni kitu cha kompyuta, basi alikuwa akiirekebisha kompyuta. Mimi ndiye sikumfundisha. Nilimwambia nini kinanaswa, sikumwambia afanye nini kikinaswa.

Tulikaa naye nikamwonyesha kwamba hesabu inajua kuwa kuna kosa, lakini haijui kosa liko wapi. Chukua 2718 iliyokataliwa. Geuza 7 na 1 unapata 2178, inakubali. Lakini geuza 2 na 7 unapata 7218: 28+6+2+8 = 44, nayo inakubali. Zote ni mgeuzo mmoja tu kutoka kilichochapwa, na hakuna hesabu itakayokuambia ipi ni ya kweli. Anayejua ni risiti, na kama risiti haisomeki, ni mvuvi mwenyewe.

Tumebadilisha mambo mawili. Mstari ukiwa mwekundu, karani haugusi. Risiti inawekwa kando kwenye kopo, na kesho yake asubuhi mpimaji anampigia mvuvi. Pili, safu ya D inaonyesha jina kutoka kwenye orodha ya wanachama, na jina hilo linalinganishwa na sahihi iliyo kwenye risiti:

```
D2: =IFERROR(VLOOKUP(B2,Wanachama!A:B,2,FALSE),"HAYUPO")
```

Orodha lazima nayo iwe imehifadhiwa kama maandishi, si idadi, la sivyo kila mtu anakuwa HAYUPO.

24 Mei: kusi limeingia

Bahari imechafuka, mashua nyingi zimepandishwa, kwa hiyo risiti ni chache na nimepata nafasi ya kulipitia kopo tangu Aprili. Mistari myekundu ilikuwa 11. Sita ni mwandiko, nne kati yake ile 8 na 3. Nne ni migeuzo. Mmoja ulinifundisha kitu. Mvuvi mwenye 0698 alitaja namba yake kwa sauti kwenye upepo, "sifuri, sita, tisa, nane", na mpimaji akaandika 0998. Jumla ni 27+18+8 = 53, baki 9. Sita na tisa kwa lugha yetu zina silabi zinazokaribiana mno, na upepo wa gatini hula konsonanti. Tangu hapo mpimaji haandiki kwa kusikia, anaiona kadi kwanza.

Kosa moja lilipita. Kijana alikuja na kadi ya babake, samaki wakaingia kwa babake. Namba ilikuwa sahihi kila tarakimu. Tarakimu ya ukaguzi inakagua namba, haimkagui mtu, na hilo sina hesabu ya kulitibu. Vilevile mtu akikosea tarakimu mbili kwa pamoja kwa namna isiyo ya mgeuzo, takriban mara moja katika 11 itapita. Mpaka leo sijaliona kwenye risiti zetu, lakini jina la safu ya D lipo kwa ajili hiyo.

Wiki hii tumepokea wanachama wawili kutoka Matondoni. Wa kwanza amepata 3441. 345 inadai 10, imerukwa. Wa pili ni 3468.